Picha za bidhaa: chupa, vito na vitambaa

Napiga picha za bidhaa zinazouzwa mtandaoni, hasa zile zenye usumbufu: vioo, vito na vitambaa vya rangi kali. Harusi sipigi. Jalada la kazi lina seti 40, kila moja ikionyesha picha ilivyotoka kwenye kamera kando ya ile iliyokamilika: https://pichazabidhaa.example/kazi

Kazi inavyokwenda

Swali la kwanza ni picha itakaa wapi. Duka la mtandaoni hutaka mraba, bango hutaka mlalo, na chupa iliyojaza fremu haiachi nafasi ya maandishi. Niletee vipande 2 vya kila bidhaa. Mkwaruzo mmoja kwenye kifuniko hula nusu saa ya usafishaji.

Kamera hukaa kwenye tripodi, ISO 100, f/11, kwa flashi. Kubana tundu la lenzi hadi f/22 ili sehemu kubwa zaidi iingie kwenye fokasi kunavutia, ila mwanga hupinda kwenye tundu dogo na picha nzima hupoteza ukali. Pete ikihitaji fokasi kutoka kwenye jiwe hadi nyuma ya duara, napiga fremu 12 hadi 20 nikisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha naziunganisha.

Chupa haimulikwi yenyewe. Taa humulika ukuta mweupe ulio nyuma yake, na kadi nyeusi 2 husimama pembeni, nje kidogo ya fremu, ili kingo za kioo zijichore. Zikikosekana, chupa huyeyuka kwenye weupe. Ukuta ukizidishiwa mwanga, weupe huzimeza hata hizo kingo, na hapo kompyuta haina la kuokoa.

Kwenye vitambaa, kila taa inapobadilishwa fremu ya kwanza hubeba kadi ya rangi za kulinganishia. Hata hivyo zambarau na nili hudanganya kamera, kwa hiyo rangi ya mwisho nailinganisha na kitambaa chenyewe chini ya mwanga wa 5000 K. Faili hutoka JPEG ya sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida mtandaoni, maana programu zisizosoma wasifu wa rangi wa faili hufifisha rangi za Adobe RGB, ulio mpana zaidi.

Wateja walichopata

Muuza vitambaa mwenye roli 64 alikuwa akirudishiwa maruni: kwenye picha ilionekana nyekundu, kwa sababu mwanga wa dirisha ulichanganywa na wa balbu. Baada ya kupiga upya, malalamiko ya rangi yalikoma. Ya uzito wa kitambaa yalibaki, tukaongeza picha ya karibu ya ufumaji.

Mtengenezaji wa manukato sasa hutumia seti moja dukani na kwenye mabango, bila kupiga mara mbili. Muuza pete alichoka kuulizwa ukubwa. Picha moja ya pete kidoleni ilipunguza maswali hayo.

Muda

Kwa siku napiga bidhaa 20 za kawaida, au vito 6. Picha hufika baada ya siku 5 za kazi, na marekebisho ni mara 2. Kubadilisha pembe ya kamera si marekebisho, ni kupiga upya. Fomu ya kuomba nafasi iko mwisho wa jalada. Ambatanisha picha ya simu ya bidhaa yako, hata iwe mbovu.