Kadi za Marudio: Oganeli za Seli na Kazi Zake

Kidato cha Tatu, jaribio la Jumatatu. Kata kila kadi, swali mbele, jibu nyuma. Nimeziandika kwa Kiswahili makusudi. Karatasi ya skuli itakuja kwa Kiingereza, lakini majina mengi ni hayo hayo, tahajia tu ndiyo inayobadilika, na ukilifahamu jambo kwa lugha yako hulisahau. Kadi yenye nyota (★) irudie mara mbili. Ukikosa, irudishe chini ya fungu, usiiweke pembeni.

KADI 1
*Mbele:* Oganeli ni nini?
*Nyuma:* Sehemu ndogo ndani ya seli yenye umbo lake na kazi yake maalumu. Nyingi zimefunikwa na utando. Ribosomu haina utando.

KADI 2
*Mbele:* Utando wa seli unafanya kazi gani?
*Nyuma:* Unazunguka seli na kuchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi zilizochanganyika na protini. Neno la kupata alama ni *kuchagua*. Ukiandika "unalinda seli" peke yake, jibu ni nusu.

KADI 3 ★
*Mbele:* Ukuta wa seli na utando wa seli vinatofautianaje?
*Nyuma:* Ukuta uko nje ya utando, ni mgumu, na kwa mimea umejengwa kwa selulosi. Hupitisha maji na vitu vilivyoyeyuka bila kuchagua, huipa seli umbo na huizuia isipasuke maji yakizidi. Seli ya mnyama haina ukuta. Utando kila seli inao, ya mmea na ya mnyama.
*Ya ziada:* Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama kipande cha gome la kutengenezea vizibo akaviona vijumba vitupu, akaviita seli. Alichokiona kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa.

KADI 4
*Mbele:* Kazi za kiini?
*Nyuma:* Kuhifadhi DNA na kuongoza shughuli za seli, pamoja na mgawanyiko wake. Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Ndani ya kiini kuna nukleolasi, ambamo sehemu za ribosomu hutengenezwa.
*Mtego:* Kiini hakitengenezi protini. Kinatoa maelekezo tu.

KADI 5
*Mbele:* Taja seli ya binadamu isiyo na kiini, na sababu yake.
*Nyuma:* Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa. Nafasi ya kiini inachukuliwa na himoglobini, hivyo hubeba oksijeni nyingi zaidi. Haina mitokondria pia.

KADI 6 ★
*Mbele:* Mitokondria: umbo, kazi, na uhusiano wa viwili hivyo.
*Nyuma:* Ina tando mbili. Wa nje ni laini, wa ndani umekunjwakunjwa, na mikunjo hiyo huitwa krista. Hapa ndipo hatua kubwa za upumuaji wa seli unaotumia oksijeni hufanyika:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O + nishati (ATP)

Mikunjo huongeza eneo la utando ambalo ATP hutengenezwa. Kanga ukiikunja vizuri inaingia mkobani, na kitambaa ni kile kile, hakikupungua. Mfano huo ni wa kukusaidia kukumbuka. Kwenye mtihani andika "huongeza eneo la uso", kanga iache nyumbani.

Seli zenye kazi nzito zina mitokondria nyingi: misuli ya mvuvi anayepiga kasia, misuli ya moyo, na mbegu za kiume, ambazo lazima ziogelee.
*Mtego:* Usiandike "inatengeneza nishati". Nishati tayari imo kwenye chakula, mitokondria inaitoa na kuiweka katika ATP. Mimi nilipoteza alama mbili hapo, na bado inaniuma.

KADI 7 ★
*Mbele:* Mimea ina kloroplasti. Je, ina mitokondria pia?
*Nyuma:* Ndiyo. Kloroplasti hutengeneza chakula, mitokondria hukivunja kupata nishati ya kutumika. Mkarafuu unapumua mchana na usiku. Usiku hauna mwanga, basi usanisinuru umesimama, lakini seli hazilali.

KADI 8
*Mbele:* Kloroplasti hufanya nini?
*Nyuma:* Usanisinuru. Klorofili hunasa mwanga wa jua:

6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2

Zimejaa kwenye seli za jani, hasa upande wa juu unaopigwa na jua. Mzizi hauna. Kitunguu tulichokitazama kwenye hadubini nacho hakikuwa nazo, kwani kinakulia ardhini. Kile kidoa cha kahawia baada ya kutia ayodini kilikuwa kiini, wengi mliandika kloroplasti.

KADI 9
*Mbele:* Ribosomu?
*Nyuma:* Hutengeneza protini. Zinaelea kwenye sitoplazimu au zimeganda kwenye retikulamu. Bakteria wanazo pia.

KADI 10
*Mbele:* Retikulamu endoplazimu ni za aina ngapi?
*Nyuma:* Mbili. Yenye ribosomu, ambayo uso wake unaonekana kama una chengachenga, hupokea na kusafirisha protini. Laini, isiyo na ribosomu, hutengeneza mafuta, na kwenye ini husaidia kuondoa makali ya sumu.

KADI 11
*Mbele:* Vifuko vya Golgi?
*Nyuma:* Hupokea protini kutoka kwenye retikulamu, huzirekebisha, huzipanga na kuzifunga kwenye vifuko vidogo vya kusafirishia. Fikiria kituo cha karafuu: mzigo unaletwa, unachambuliwa, unatiwa kwenye magunia, unapelekwa unakotakiwa. Camillo Golgi alivieleza mwaka 1898. Jina ni la mtu, liandike kwa herufi kubwa.

KADI 12
*Mbele:* Lisosomu?
*Nyuma:* Kifuko chenye vimeng'enya. Humeng'enya oganeli zilizochakaa na vijidudu vilivyomezwa na seli. Chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu zinazo nyingi.

KADI 13 ★
*Mbele:* Kwa nini mchicha uliokaa juani unalegea?
*Nyuma:* Seli ya mmea ina vakuoli kubwa katikati iliyojaa utomvu. Ikijaa maji husukuma sitoplazimu na utando kwenye ukuta, seli ikakakamaa na jani likasimama. Maji yakipotea, msukumo unapungua na jani linanyauka. Ndiyo maana muuza mchicha anaunyunyizia maji kila mara.
Embe mbichi ukiipaka chumvi, maji yanatoka. Sababu ni osmosisi: maji hupita kwenye utando kutoka penye maji mengi kwenda penye chumvi.
Seli ya mnyama huwa na vakuoli ndogondogo, au haina kabisa.

KADI 14
*Mbele:* Sentrioli?
*Nyuma:* Husaidia seli ya mnyama kugawanyika. Mimea inayotoa maua haina. Basi, kadi hii haina mengi.

KADI 15 ★
*Mbele:* Panga kwa mfuatano: seli ya kongosho inatengeneza insulini na kuitoa nje.
*Nyuma:* Kiini (maelekezo) → ribosomu (protini inajengwa) → retikulamu yenye ribosomu → vifuko vya Golgi → kifuko kidogo → utando wa seli → nje. Mitokondria hazimo kwenye njia, ila ndizo zinazolipia safari yote kwa ATP. Swali hili linapenda kuja kwa alama nyingi, likariri kwa mfuatano.

KADI 16
*Mbele:* Seli X ina ukuta, kiini na vakuoli kubwa. Haina kloroplasti. Rafiki yako anasema ni ya mnyama. Je, ni sahihi?
*Nyuma:* Si sahihi. Ukuta na vakuoli kubwa vinaonyesha ni ya mmea. Kukosa kloroplasti hakuifanyi kuwa ya mnyama, huenda imetoka kwenye mzizi, au kwenye kile kitunguu.