Safari ya Mama, Jumatatu alfajiri: Kasarani hadi stesheni ya SGR

Habari ya jioni, kaka. Ni mimi wa Kasarani tulioongea mchana. Naandika tuliyokubaliana ili sote tuwe na kitu kimoja cha kurejelea. Pale ambapo sijakuelewa vizuri, nirekebishe.

Unamchukua mama yangu Jumatatu saa kumi na moja kamili alfajiri, kwenye geti la ploti yetu, Kasarani karibu na Seasons. Mlinzi ana habari, ila nitumie leo namba ya gari nimwachie. Treni yake ni ile ya saa mbili inayosimama Voi, na ningependa awe stesheni kabla ya saa moja. Pale mlangoni mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse, halafu kuna mashine ya kukagua, na mama hawezi kuharakishwa. Goti la kulia linamsumbua. Tafadhali akae kiti cha mbele, ukisukume nyuma kabisa kabla hajaingia. Ana begi moja, ndoo yenye kifuniko na kiroba cha unga.

Njia ni Thika Road hadi Allsops, ushike Outering, upite Donholm hadi Taj, kisha Airport North Road utokee Cabanas. Mjini usiingie. Ukikuta Mombasa Road imefungana, panda Expressway ushukie SGR, na hiyo ada nitakurudishia mimi.

Bei ni shilingi 2,500 kwa gari zima, mafuta na mizigo vikiwa ndani. Nalipa kwa M-Pesa: 500 nakutumia kesho jioni ya mafuta, 2,000 zilizobaki mama akishafika, pamoja na ya kutolea. Mama usimdai chochote. Akikupa pesa kwa heshima zake, mrudishie, kwa sababu atakupa nauli yake ya kutoka Voi kwenda nyumbani.

Nithibitishie kama yote yako sawa.

—

Salama, dada. Yote nimeyapata. Marekebisho ni moja: nitakuwa getini saa kumi na dakika hamsini, mama atoke bila haraka. Gari ni Noah ya rangi ya fedha, namba nakutumia sasa hivi kwa ujumbe wake. Pesa tuma kwa namba hii hii ninayoongea nayo, jina litakalotokea ni la mke wangu, laini aliisajili yeye. Kusubiri getini hadi saa kumi na moja na robo sidai kitu.

—

Asante kwa kunijulisha hilo la jina, ningesita kutuma. Basi tumekubaliana. Ukimfikisha, msaidie na ndoo hadi kwenye foleni ya ukaguzi, kisha umpe simu yako aniambie mwenyewe amefika. Hapo hapo natuma 2,000.

—

Sawa kabisa, dada. Mwambie mama abebe kitambulisho chake mkononi, wanakiangalia pamoja na tiketi.