Embe na nanasi kavu, mzigo mpya umetoka leo

🥭 Kilichomo ndani
Jamani mnaniuliza kila siku umeweka nini mbona tamu hivi, ndani ya pakiti ya embe kuna embe dodo tu, basi. Hakuna sukari wala rangi. Ya nanasi ni nanasi la Kiwangwa, Bagamoyo, nalo peke yake. Ukiona vipande vimekuwa vya kahawia kidogo usiogope, embe lisilotiwa dawa ya kulinda rangi ndivyo linavyokuwa, na utamu uko palepale.

📅 Inakaa muda gani?
Miezi 6 pakiti ikiwa haijafunguliwa, tarehe iko nyuma chini ya lebo. Ukishafungua bana zipu vizuri kabisa maana hewa ya Dar ina unyevu, ukiiacha wazi usiku mmoja tu asubuhi unakuta vipande vimelainika vinanata vidoleni, na unyevu ndo unaoleta ukungu. Maliza ndani ya wiki 2. Usiweke juani.

📦 Bei ya jumla
Gramu 50 rejareja 2,500. Kuanzia pakiti 40 ni 1,800 kila moja, unaweza kuchanganya embe na nanasi. Oda inalipiwa nusu kwanza, ya mkoani tunatuma kwa basi na nauli ya mzigo ni ya mteja. Wenye maduka na kantini za shule njooni inboksi mapema, maana kilo 1 ya embe kavu inakula zaidi ya kilo 10 za embe lisilokaushwa, kukausha kunataka siku.