Kadi ya Kuhamia Nyumba Mpya

Dodoma, Septemba

Mpendwa Mama Neema,

Hongera sana, wewe na Baba Neema pamoja na watoto, kwa kuhamia katika nyumba yenu wenyewe hapa Nzuguni. Miaka yote mliyopanga kule Chang'ombe, mkilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na huku mkinunua tofali kidogo kidogo kila mshahara ulipoingia, sisi tulio karibu nanyi tuliona mlivyojinyima, na ndiyo maana furaha yenu ya leo tunaihesabu kuwa yetu pia. Sasa mwenye nyumba ni wewe, na ukitaka kupigilia msumari ukutani usiku wa manane hakuna wa kukugombeza, labda Baba Neema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaze nyumba hii amani, wanaolala humo waamke na afya, jikoni pasikose unga hata ukame unapokaza, na kila atakayebisha hodi apokewe kwa moyo mweupe kama mlivyozoea kutupokea sisi mlipokuwa na chumba kimoja na sebule.

Kwa kuwa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni upepo na vumbi, tumeona kwamba zawadi itakayowafaa kuliko seti nyingine ya glasi ni gata za paa lote pamoja na simtanki la lita 2,000. Paa lenye mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 hushusha karibu lita 2,000, kwa hiyo mvua moja nzuri inaweza kukaribia kulijaza; ila ile ya kwanza ya msimu iacheni imwagike chini, kwani hushuka na vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya bati tangu kiangazi.

Mbao zilizobaki kwenye kenchi msiziegemeze ukutani, maana mchwa wa huku hawakawii kupanda hadi kwenye fremu za milango. Mwarobaini tuliowaletea upandeni upande wa magharibi, uwakinge na jua la jioni, lakini mbali na msingi na shimo la choo, kwa sababu mizizi yake haina adabu. Tena usishtuke ukinunua umeme ukapata uniti pungufu: kodi ya jengo siku hizi hukatwa humo humo kwenye Luku.

Fundi wa gata atafika Jumamosi saa tatu asubuhi, na ngazi atakuja nayo mwenyewe. Nanyi andaeni chai tu. Zabibu na mlenda tutakuja navyo sisi, kisha tutakaa barazani kwenu mpaka mtuchoke.

Wenu katika upendo,
Mama Upendo, Baba Upendo na watoto