Video ina sauti lakini haina picha: anzia hapa kabla ya kurenda upya

Jumatatu asubuhi mama mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Morogoro akiwa na fleshi mkononi. Ndani yake kulikuwa na video ya sendofu ya binti yake, tuliyomkabidhi Jumamosi.

"Mwanangu, mshereheshaji namsikia, matarumbeta nayasikia, lakini runinga nyeusi tii. Shangazi zake wametoka Kilosa kuja kuitazama."

"Pole sana mama. Kaa kidogo, niione."

Nikaichomeka kwenye kompyuta ya kazini, ikacheza vizuri kabisa, picha na sauti. Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea. Mmoja atamwambia mteja runinga yake ni mbovu. Mwingine atarudi kwenye programu na kurenda upya kwa saa tatu, kwa setingi zilezile, na faili jipya litatoka na ugonjwa uleule. Usirende upya mpaka ujue faili lina nini.

Inagoma wapi?

Jaribu faili hilohilo sehemu tatu: kompyuta yenye VLC, simu, na kile kifaa alicholalamikia mteja. Ikigoma kote, faili limeharibika au picha haikuingia kabisa wakati wa kurenda. Ikicheza kwingine na kugoma kwingine, faili ni zima, ila kifaa kile hakiwezi kusoma aina ya picha iliyomo. Na ikicheza kwenye diski ya kompyuta lakini si kwenye fleshi, tatizo liko kwenye kunakili, na setingi za kurenda hazihusiki.

VLC kucheza video si ushahidi kwamba kila kifaa kitaicheza. VLC inabeba visomaji vyake yenyewe, na hutumia nguvu ya prosesa ya kompyuta kufungua hata aina za picha zisizo za kawaida. Runinga haina nguvu hiyo. Inategemea chipu iliyotengenezwa kusoma aina chache tu, na ikikutana na aina isiyoijua inaacha kioo cheusi.

Kapu na kilichomo

Maandishi `.mp4` mwishoni mwa jina ni jina la kapu. Ndani ya kapu kuna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, kila mmoja umebanwa kwa njia yake, ndiyo hiyo tunayoiita kodeki. Sauti mara nyingi ni AAC, na karibu kila kifaa kinaijua. Ndiyo maana matarumbeta yanasikika hata picha isipoonekana. Picha inaweza kuwa H.264 ya mwaka 2003, HEVC ya 2013, au AV1 ya 2018. Kadiri kodeki ilivyo mpya, ndivyo vifaa vya zamani vinavyoikosa. Kubadilisha jina la faili kutoka `.mov` kwenda `.mp4` hakubadilishi chochote kilichomo ndani.

Kuchungulia ndani ni rahisi. Kwenye VLC ya kompyuta ya Windows, fungua video kisha bonyeza Ctrl+J. Mimi napenda zaidi `ffprobe`, inayokuja pamoja na ffmpeg, programu ya kubadilisha video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, kwa sababu inajibu kwa mistari michache:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,profile,codec_tag_string,width,height,pix_fmt -of default=nw=1 sendofu.mp4
```

Faili la yule mama lilijibu hivi:

```
codec_name=h264
profile=High 4:2:2
codec_tag_string=avc1
width=1920
height=1080
pix_fmt=yuv422p10le
```

Mstari wa kwanza unaweza kukudanganya. H.264 ndiyo kodeki inayokubalika kuliko zote, kwa hiyo fundi akiisoma anaridhika na kuacha hapo. Shida iko kwenye mstari wa mwisho. Runinga na simu nyingi husoma H.264 ya `yuv420p` tu, yaani biti 8 kwa kila rangi, ngazi 256, na rangi iliyopunguzwa hadi robo ya pikseli. Hii ya `yuv422p10le` ina biti 10, ngazi 1024, na taarifa za rangi mara mbili ya ile ya kawaida. Inafaa sana wakati wa kusahihisha rangi, lakini chipu ya runinga ya sebuleni haiisomi.

Iliingiaje? Tulitoa video kwanza kwa ProRes 422, kodeki ya kazi ya kuhariri ambayo kwa asili ni ya biti 10, kisha tukaipunguza kwa ffmpeg bila kutaja aina ya pikseli. Usipoitaja, libx264, kisimbaji cha H.264 ndani ya ffmpeg, hubaki na ileile ya faili la mwanzo. Hakuna onyo lolote linalotokea, na kazi inaisha kana kwamba kila kitu ni sawa.

Dawa yake ni hii, na haihitaji hata kufungua mradi:

```
ffmpeg -i sendofu.mp4 -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -maxrate 12M -bufsize 24M -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart sendofu_tv.mp4
```

`-level 4.1` inatosha video ya 1920 kwa 1080 hadi fremu 30 kwa sekunde. Kama umepiga kwa fremu 50, weka `4.2`. Kama bado una ile ProRes, anza nayo badala ya faili lililokwisha kubanwa, maana kila kubana kunakula ubora.

Majibu mengine utakayokutana nayo

Ukiona `codec_name=hevc`, runinga ya zamani itacheza sauti tu. Kompyuta ya Windows nayo inaweza kukataa picha mpaka uweke nyongeza ya HEVC kutoka Microsoft Store. Usimtume mteja kwenda kununua nyongeza, mpe H.264 kwa amri ile ya juu.

Lakini kama ni HEVC na inagoma kwenye iPhone au Mac peke yake, tazama `codec_tag_string`. Vifaa vya Apple vinataka `hvc1`, na mara nyingi faili huandikwa `hev1`. Picha yenyewe haina ubaya, kilichokosewa ni lebo. Hii inabadilishwa bila kubana upya:

```
ffmpeg -i sendofu.mp4 -c copy -tag:v hvc1 sendofu_mac.mp4
```

Ukiona `av1`, ichukulie kama HEVC, ila vifaa vinavyoikosa ni vingi zaidi.

Na kama `ffprobe` haikuandika chochote, wala kosa, basi faili halina mkondo wa picha. Rudi kwenye programu. Kwenye DaVinci Resolve, ukurasa wa Deliver, angalia kama alama ya Export Video imewekwa. Kwenye Premiere, angalia swichi ya Video kwenye ukurasa wa Export. Ni rahisi kuisahau ikiwa kazi yako ya mwisho ilikuwa kutoa sauti tu.

Picha imo, lakini nyeusi kila mahali

Kama mkondo upo, ni wa `yuv420p`, na bado VLC na simu vyote vinaonyesha weusi, basi weusi huo umerendwa. Tembea kwenye taimlaini: jicho la treki ya picha limezimwa? Kuna klipu nyeusi iliyolala juu ya zote? Alama za mwanzo na mwisho zimeshika sehemu isiyo na picha? Klipu imepoteza faili lake kwa sababu diski ya nje ilichomolewa?

Taimlaini ikiwa safi, shuku kadi ya picha. Renda sekunde 10 tu kwa kutumia prosesa. Kwenye Premiere, ndani ya Project Settings, chagua Mercury Playback Engine Software Only, na wakati wa kutoa weka Software Encoding. Picha ikirudi, mkosaji ni dreva ya kadi. Isasishe kabla ya kurenda kazi nzima.

Kuna kinyume chake pia: faili zima, ila VLC ya kompyuta moja ndiyo inaonyesha weusi. Nenda Tools, Preferences, Input / Codecs, kisha weka Disable kwenye Hardware-accelerated decoding, uifunge na kuifungua tena.

Faili halifunguki kabisa

Hapa `ffprobe` mara nyingi husema `moov atom not found`. MP4 ina faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi, na kwa kawaida huandikwa mwisho kabisa wa kurenda. Umeme ukikatika, diski ikijaa au programu ikifungwa katika dakika za mwisho, data inakuwa kwenye diski lakini faharasa haipo. Kama mradi bado unao, renda upya, na mara hii kweli ndiyo njia. Kabla ya kuanza hakikisha diski ina nafasi ya kutosha.

Fleshi nazo zina mambo yao. Nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalofika GB 4. Video ya megabiti 20 kwa sekunde inafika hapo kwa dakika 28 hivi. Ukitaka dakika 90 ziingie katika faili moja, shusha hadi megabiti 6 pamoja na sauti, au ikate vipande viwili. Mfumo wa exFAT hauna kikomo hicho, lakini zipo runinga za zamani zisizousoma, kwa hiyo muulize mteja ana runinga ya namna gani kabla ya kufomati. Ukimaliza kunakili, linganisha ukubwa wa mafaili mawili hadi baiti ya mwisho, na itoe fleshi kwa Eject. Kuichomoa tu kumeharibu kazi nyingi nzuri.

Kabla ya kukabidhi, lisomeshe faili lililo kwenye fleshi mwanzo hadi mwisho:

```
ffmpeg -v error -i sendofu_tv.mp4 -f null -
```

Isipoandika kitu, fremu zote zimesomeka.

Faili la yule mama lilichukua dakika 40 kubadilishwa. Fleshi yake tuliichomeka kwanza kwenye runinga ndogo ya zamani tuliyoiweka pembeni ya meza ya kazi, na yeye mwenyewe akashika rimoti. Picha ya kwanza iliyotokea ni binti yake akiingia ukumbini ameshikwa mkono na baba yake mdogo. Mama akasimama akaisogelea, akatazama hadi keki ilipokatwa, ndipo akaturuhusu tuichomoe fleshi.