Taarifa ya Mgawanyo wa Faida kwa Wabia, Mwaka Ulioishia 31 Desemba 2024 (Toleo Lililofafanuliwa)

Ndugu Wabia,

Taarifa hii inachukua nafasi ya ile ya awali, ambayo ilimpa kila mbia kiasi chake cha mwisho bila kuonyesha kilivyopatikana. Mbia wa Pili aliuliza kwa nini analipwa kidogo kuliko Mbia wa Tatu ilhali mtaji wake ni mkubwa zaidi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilipaswa kuonekana tangu mwanzo.

Faida halisi ya mwaka ni 60,000,000. Kwa mujibu wa mkataba wetu wa ubia, kwanza hutolewa posho ya usimamizi ya Mbia wa Tatu, 6,000,000, ambayo hakulipwa mwaka mzima, kisha riba ya asilimia 5 juu ya mitaji ya 40,000,000, 24,000,000 na 16,000,000, yaani jumla ya 4,000,000. Hubaki 50,000,000. Asilimia 20 yake, yaani 10,000,000, inabakizwa kwenye biashara, na 40,000,000 zinagawanywa kwa uwiano wa 50:30:20. Kanuni ni hii:

Malipo = riba ya mtaji + posho + (uwiano × 40,000,000) − fedha zilizokwisha kuchukuliwa

Mbia wa Kwanza: 2,000,000 + 0 + 20,000,000 − 7,000,000 = 15,000,000
Mbia wa Pili: 1,200,000 + 0 + 12,000,000 − 4,500,000 = 8,700,000
Mbia wa Tatu: 800,000 + 6,000,000 + 8,000,000 − 0 = 14,800,000

Jumla ya malipo ni 38,500,000. Tofauti kati ya Mbia wa Pili na wa Tatu imetokana na posho ya usimamizi na fedha ambazo Mbia wa Pili alizichukua katikati ya mwaka. Uwiano wa faida haukuguswa.

Faida iliyobakizwa si makato, na naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndilo lililozua manung'uniko. Fedha hizo zinaendelea kuwa mali ya wabia, nazo zimeingizwa katika akaunti ya kila mmoja kwa uwiano uleule: 5,000,000, 3,000,000 na 2,000,000. Salio la faida iliyobakizwa lilikuwa 14,000,000 mwanzoni mwa mwaka na sasa ni 24,000,000. Halitatumika bila idhini ya maandishi ya wabia wote watatu, na mbia anayejitoa hulipwa sehemu yake.

Malipo yatafanyika Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, kwa akaunti ya benki ya kila mbia. Hayawezi kutangulia, kwa sababu sehemu ya faida hii bado iko mikononi mwa wateja wanaodaiwa, na muda wao wa kulipa unaisha tarehe 15 Machi. Mwenye pingamizi kuhusu tarakimu yoyote aliwasilishe kwa maandishi kabla ya tarehe 21 Machi, ili lisahihishwe kabla fedha hazijatoka.

Mhasibu wa Ubia
3 Machi 2025