Kuongeza damu wodini: mwongozo wa wanafunzi na manesi wapya, wodi ya watoto na wodi ya wazazi

Jamani huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya nyie mnaoanza zamu na sisi wiki hii, usomeni wote kabla hamjagusa mfuko wa damu. Damu inayotoka Mpango wa Taifa wa Damu Salama imeshapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, na maabara yetu inafanya krosimechi, kwa hiyo watu wengi wanafikiri ikifika wodini kazi imebaki kuning'iniza tu. Sio kweli. Mgonjwa akiuliwa na damu ya grupu lisilomfaa, mara nyingi maabara ilipima vizuri kabisa, ila sampuli au mfuko ulikwenda kwa mtu mwingine, na hapo katikati ya mtu na mfuko ndo tunasimama sisi.

Tuanze na grupu. Mwenye grupu O ana kinga dhidi ya A na B ndani ya damu yake tangu utotoni hata kama hajawahi kuongezewa, kwa hiyo ukimwekea A mwili unaanza kuzipasua zile chembe palepale, na mililita chache tu zinatosha kumpeleka kwenye shoki. Mwenye A anapokea A au O, mwenye B anapokea B au O, mwenye AB anapokea zote, mwenye O ni O peke yake. Angalieni hapa, hiyo habari ya O kumfaa kila mtu ni ya chembe nyekundu zilizotengwa, damu nzima ya O ina ile kinga kwenye maji yake, kwa hiyo kwa damu nzima tunatafuta grupu lilelile. Na msichana au mama ambaye bado anazaa akiwa negativu asipewe pozitivu, labda iwe ni kuokoa maisha na daktari ameamua, maana mimba zijazo zinaweza kuathirika.

Sampuli ya krosimechi: chukua kwa mgonjwa mmoja, andika lebo palepale kitandani, kwa mkono wako, ukishamaliza ndo uende kwa mwingine. Kuandika lebo mapema mezani halafu kuzunguka na vichupa kwenye trei, hapana, sitaki kuiona.

Damu ikija, kwanza uwe umeshajiandaa. Kanula inafanya kazi, idhini imesainiwa, umepima joto, mapigo, presha na upumuaji na umeandika. Hivi vipimo vya mwanzo ni muhimu sana kwa watoto wetu wa malaria, mtoto akiwa na 38.4 kabla ya damu halafu baadaye ukakuta 38.6 unajua hiyo ni homa yake, ila kama hukupima mwanzo utabaki unakisia. Ikitoka kwenye friji ya damu ianzishwe ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya masaa 4, kama hauko tayari irudishe maabara mapema, usiiweke kwenye friji ya dawa ya wodi. Na tafadhali msiipashe kwenye maji ya moto wala kuianika juani, chembe zinapasuka.

Sasa ukaguzi. Manesi wawili, kando ya kitanda, kila mmoja anasoma kwa macho yake, sio mmoja anasoma mwenzake anaitikia. Mnalinganisha jina kamili, namba ya faili na umri kwenye mgonjwa, kwenye faili, kwenye fomu ya maabara na kwenye lebo ya mfuko, halafu grupu, namba ya mfuko, tarehe ya kuisha, na mnaugeuza mfuko kuangalia mabonge, rangi ya zambarau au nyeusi, kuvuja. Kitu kimoja kikipishana, hata herufi, damu inarudi.

Kwenye kuuliza jina ndo watu wanateleza. Ukimwambia bibi aliyechoka "wewe ndo Amina Juma?" atakuitikia "abee" hata kama ni Asha, kwa sababu ya heshima au hajasikia vizuri. Uliza hivi: "Shikamoo bibi, naomba uniambie majina yako yote," na unyamaze aseme mwenyewe. Amina Juma wawili kwenye wodi moja ni jambo la kawaida sana huku kwetu, kwa hiyo namba ya faili ndo inaamua. Mtoto au mtu aliyepoteza fahamu, muulize mama au ndugu, na usome utepe wa mkononi.

Tumia seti ya damu yenye chujio, na laini ioshwe kwa nomo salaini tu. Dekstrosi inapasua chembe, ringa ina kalsiamu inayogandisha damu. Dawa yoyote isichomwe kwenye laini hiyo damu ikiwa inapita.

Kiasi cha mtoto kinahesabiwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 9 mwenye anemia kali ya malaria, damu nzima ni mililita 20 kwa kilo, yaani 180, chembe zilizotengwa ni 10 kwa kilo, yaani 90. Mililita 180 kwa masaa 4 ni 45 kwa saa, na kama seti yako inatoa matone 20 kwa mililita inakuja matone 15 kwa dakika, soma paketi ya seti maana hazifanani. Mwenye utapiamlo mkali moyo wake hauhimili, huyo daktari lazima aseme mwenyewe kiasi gani.

Dakika 15 za mwanzo unaianza taratibu na haubanduki hapo, simu mfukoni. Dakika ya 15 unapima tena vyote, halafu kila saa, ikiisha, na masaa 4 baadaye. Msikilize mgonjwa! Akisema "sista sijisikii vizuri, naogopa" bila sababu, usimwambie atulie, funga damu kwanza.

Dalili zenyewe: kutetemeka, joto kupanda digrii 1 au zaidi na kufika 38, maumivu ya kiuno au kifua, mkono kuwaka kwenye mshipa, presha kushuka, mkojo wa rangi ya kola, damu kutoka kwenye kanula. Hiyo fikiria grupu limekosewa, au damu ina bakteria. Vipele na kuwashwa peke yake ni aleji ndogo, lakini sauti ikikwama, uso ukivimba au kifua kikifunga ni anafilaksia, adrenalini msuli wa paja mara moja, mkubwa miligramu 0.5, mtoto miligramu 0.01 kwa kilo. Kikohozi, kuhema haraka na presha kupanda ni maji yamezidi: mkalishe, oksijeni, daktari ataandika furosemaidi. Kuhema kwa shida huku presha imeshuka inaweza kuwa mapafu yameumizwa na damu yenyewe, huyo furosemaidi inaweza kumzidishia, muite daktari haraka.

Kwa yoyote kati ya hizo hatua ni moja: funga damu, badilisha laini yote na uweke salaini mpya, usisukume iliyobaki ndani ya mshipa, kagua upya jina na mfuko, muite daktari, pima kila baada ya dakika 5. Mfuko na seti usitupe, vinaenda maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo wa kwanza. Angalia pia vitanda vingine, kama huyu kapewa ya mwenzake basi mwenzake naye yupo hatarini.

Andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, namba ya mfuko na majina yenu wawili. Na siku ya kuruhusiwa mwambieni mama, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi au mtoto akapauka tena ndani ya wiki 4, arudi siku hiyohiyo na aseme mtoto aliongezewa damu.